Heshima imo ndani ya kitenzi: tulivyoteleza mbele ya wazee wa Kikorea

Mswahili akiambiwa kwamba Kikorea ni lugha yenye adabu nyingi kwa wakubwa, haogopi. Adabu amefundishwa tangu anatambaa. Anajua mdogo ndiye anayeanza kusalimu, anajua shikamoo haijibiwi kwa shikamoo, anajua mzee haitwi kwa jina lake kavu. Kwa hiyo anaingia darasani kifua mbele, anakariri «annyeonghaseyo», anajifunza kuinamisha kichwa na kupokea kitu kwa mikono miwili, halafu anadhani kazi kubwa imekwisha. Sisi tuliojifunza lugha hii ukubwani tulianza hivyo karibu wote, na karibu wote tuliteleza pale pale.

Tuliteleza kwa sababu heshima ya Kiswahili hukaa zaidi mlangoni. Ukishampa mzee shikamoo yake, akaitikia marahaba, na ukamwita kwa cheo chake cha ukoo, kitenzi chenyewe hakibadiliki. «Umekula, bibi?» na «umekula, mwanangu?» ni kitenzi kile kile. Katika Kikorea mlango hautoshi. Kila sentensi ina kitenzi mwishoni, na kila kitenzi lazima kiseme kama kuna mkubwa hapa au hakuna. Hakuna kitenzi cha katikati kisichoegemea upande wowote. Ukisema «meogeosseo?» umeuliza «umekula?» kwa namna ya kumwuliza mtoto au rafiki wa rika lako, hata kama umeinama mpaka magotini.

Kabla ya kwenda mbali, neno moja kuhusu maandishi. Maneno ya Kikorea hapa nimeyaandika kwa herufi za Kirumi kama vitabu vingi vya wanafunzi vinavyofanya. Penye «eo» soma o iliyo wazi, kinywa kikiwa kimepanuka kidogo. Penye «ae» soma e. Penye «eu» tamka u bila kukusanya midomo. Lakini jifunze herufi za Kikorea zenyewe mapema, maana hizi za kuazima zinapotosha sikio.

Jambo ambalo lingetuokoa miezi mingi, kama lingesemwa siku ya kwanza, ni kwamba ndani ya kitenzi cha Kikorea mna heshima mbili, wala si moja. Ya kwanza ni ya anayesikiliza, na hukaa mwishoni kabisa mwa kitenzi. Ya pili ni ya anayetenda, na hukaa katikati, baada tu ya shina. Ile ya mwisho ni «-yo», au «-mnida» na «-seumnida» panapohitajika urasmi zaidi. Ile ya katikati ni «-si-», au «-eusi-» shina likiishia na konsonanti. Ukichanganya hizi mbili ukadhani ni kitu kimoja, utakosea maisha yako yote bila kujua kwa nini.

Chukua habari moja ndogo, kwamba mtu fulani amefika. Kama aliyefika ni mdogo wako na unamwambia rafiki yako wa rika moja, utasema «dongsaengi wasseo». Hapo hakuna heshima yoyote, na ni sawa kabisa. Habari hiyo hiyo ukimpa mzee, inakuwa «dongsaengi wasseoyo». Umeongeza «-yo» kwa ajili ya masikio ya mzee, lakini mdogo wako amebaki alivyo. Sasa geuza. Aliyefika ni bibi, na unamwambia rafiki: «halmeonikkeseo osyeosseo». Mwishoni hakuna «-yo», kwa sababu anayesikia ni rafiki, lakini ndani kuna «-si-» iliyoungana na wakati uliopita ikawa «-syeo-», kwa sababu mwenye kufika ni bibi. Hata kile «-kkeseo» kilichoshika neno bibi ni heshima, kikichukua nafasi ya «-i» iliyokuwa kwa mdogo wako. Na ukimwambia mzee mwingine kwamba bibi amefika, zote mbili zinaingia: «halmeonikkeseo osyeosseoyo».

Sentensi nne, tukio moja. Anayezimeza hizi nne mpaka zikamtoka bila kufikiri ameshapita kizingiti kigumu kuliko vyote. Vitabu vya sarufi huhesabu ngazi 6 za mwisho wa kitenzi, na mgeni akiziona huvunjika moyo, ilhali mbili kati yake hatazihitaji mdomoni mwake hata kidogo. Atazisikia tu, pengine kwa baba mkwe wa mtu au profesa mzee anayemwita kijana mzima «jane», «wewe» wa mkubwa kwa mdogo. Zisikilize, zielewe, usizijibu kwa mfano wake.

Kosa la kwanza lililotupata wengi lilikuwa la kujiheshimu wenyewe, na lilitokana na jambo ambalo Mswahili halitarajii. Kitenzi cha Kikorea hakina kiambishi cha nafsi. Hakuna ni-, u-, a-. Mzee anakutana nawe asubuhi, kwa kuwa hakujui vizuri anakuuliza kwa heshima: «eodi gaseyo?», unakwenda wapi? Mgeni, akiwa amefurahi kwamba ameelewa, anakichukua kitenzi alichopewa na kukirudisha: «hakgyoe gaseyo». Anadhani amesema «nakwenda shule». Kumbe «gaseyo» ni ga + si + yo iliyofinyangwa, na ile «-si-» inamheshimu mtenda, ambaye sasa ni yeye mwenyewe. Ni kama mtu ajiamkie shikamoo mbele ya kioo. Jibu sahihi ni «hakgyoe gayo»: heshima ya msikilizaji imebaki mwishoni, ya mtenda imeondolewa.

Ukilitazama vizuri utaona kwamba «-si-» inafanya sehemu ya kazi ya vile viambishi vyetu vya nafsi. Ikiwemo, msikilizaji anajua kwamba anayezungumzwa ni yeye au mkubwa mwingine. Isipokuwemo, mara nyingi ni mimi. Ndiyo maana Wakorea huweza kuongea nusu saa bila kutaja «mimi» wala «wewe» na wasipotezane.

Dawa yake ni zoezi la kuchosha lakini linalofanya kazi. Chagua vitenzi 10 vya kila siku, kama kwenda, kuja, kukaa, kula, kulala, kuwapo, kupa, kusema, kuona na kujua. Kila kimoja kifanye jozi ya swali na jibu, kwa sauti. Swali lina «-si-», jibu halina. «Oneul oseyo?», unakuja leo? «Ne, wayo», ndiyo, nakuja. «Aseyo?», unajua? «Ne, arayo», ndiyo, najua. Usijifunze kitenzi kimoja kimoja, jifunze jozi, kwa sababu kosa lenyewe huzaliwa katika kuvuka kutoka swali kwenda jibu.

Katika orodha hiyo utagundua kwamba vitenzi vingine havikubali kupachikwa «-si-» tu, bali hubadilishwa mwili mzima. Kula ni «meokda», lakini mzee «deusida». Kulala ni «jada», mzee «jumusida». Kuwapo mahali ni «itda», mzee «gyesida». Nomino chache nazo hufuata mkondo huo. Chakula cha kawaida «bap» kikiwa cha mzee huitwa «jinji», nyumba «jip» huwa «daek», umri «nai» huwa «yeonse», jina «ireum» huwa «seongham», na maneno «mal» huwa «malsseum». Si nyingi. Mtu anaweza kuzimaliza kwa wiki mbili, nami nashauri azimalize kabla ya kuhangaika na sarufi ya mbele, kwa kuwa «bap meogeosseoyo?» kwa mzee wa miaka 80 husikika kama uji uliochemka nusu. «Jinji deusyeosseoyo?» ndiyo yenyewe. Kwa mtu mzima wa makamo «siksa hasyeosseoyo?» inatosha na haimzeeshi.

Kuna mtego mdogo ndani ya «gyesida» unaostahili kuangaliwa. Unatumika kwa mtu kuwapo, hautumiki kwa mtu kuwa na kitu. Kuuliza kama bibi yupo nyumbani ni «halmeoni daege gyeseyo?» Kumwuliza kama ana nafasi ni «sigan isseuseyo?» na wala si «sigan gyeseyo?», maana hapo umeupa muda wenyewe cheo cha uzee. Kosa hili la kuheshimu vitu hata Wakorea wanalo. Katika migahawa utasikia mhudumu akitangaza «keopi naosyeosseumnida», na kwa hesabu ya sarufi kahawa ndiyo iliyoheshimiwa kwa kutoka jikoni. Wanasarufi wanalikemea, wahudumu wanaendelea. Mgeni asiliige. Lakini asiende upande wa pili akadhani kwamba kitu hakipewi heshima kamwe: kiungo cha mwili wa mzee au kitu kilicho sehemu yake hukopeshwa heshima ya mwenyewe. Ukitaka kumwambia bibi kwamba masikio yake bado mazuri, utasema «gwiga balgeuseyo», na hiyo «-si-» iliyojificha ndani ni ya bibi ingawa sarufi inaonyesha sikio.

Baada ya miezi kadhaa, mtu akiwa ameshaacha kujiamkia mwenyewe, linakuja kosa la pili, nalo ni la kutumwa. Hili ndilo linalofichua kama mtu ameelewa au amekariri. Bibi yupo chumbani, anakuambia umwite mjukuu wake, rafiki yako. Unakwenda kumwambia: bibi anasema uje. Mgeni mwenye bidii anajua kuna bibi kwenye habari hii, kwa hiyo lazima «-si-» iwemo mahali, naye anaichomeka pa kwanza anapopaona: «halmeoniga neo osirae». Rafiki yako atacheka. Umeiweka «-si-» kwenye kitenzi cha kuja, na anayekuja ni yeye. Umemheshimu mjukuu na kumwacha bibi mikono mitupu.

Tenganisha vitenzi viwili vilivyomo ndani. Kuna kuja, na kuna kusema. Anayekuja ni rafiki: hana haja ya heshima. Anayesema ni bibi: ndiye mwenye kudai. Kwa hiyo «halmeonikkeseo neo orago hasyeo». «Orago» ni tupu, «hasyeo» imebeba. Sasa tuseme bibi hakumwita mjukuu bali mwanawe mkubwa, mjomba wa rafiki yako, mtu wa miaka 60. Anayekuja ni mkubwa wako, anayesema ni mkubwa zaidi, anayesikiliza ni huyo mjomba mwenyewe. Kila mahali panajaa: «halmeonikkeseo samchon osirago hasyeosseoyo». Neno la mjomba limesimama mahali ambapo sisi tungesema «wewe».

Na hapo pa «wewe» ndipo kamusi ilipotuangusha. Ukitafuta «wewe» wa heshima utapewa «dangsin», nayo inaonekana imekaa vizuri. Usimwambie mzee. Kwa mtu unayemtazama usoni, «dangsin» huishi zaidi kati ya mume na mke, katika matangazo na mashairi, na katika ugomvi wa barabarani kati ya watu wazima wasiojuana. Ukimwambia mzee «dangsin» umemwita kama anayetaka kupigana. «Neo» ni ya watoto na marafiki. Kwa ufupi, mzee hana kiwakilishi. Ana cheo, na cheo hicho ndicho kinachotumika kila mahali ambapo Kiswahili kingeweka «wewe» au «yako». Mama wa rafiki ni «eomeonim», baba wa rafiki ni «abeonim», mwalimu ni «seonsaengnim», mwenye biashara ni «sajangnim». Ile «-nim» ndiyo inayobeba heshima. Usibandike «-ssi» kwenye jina la mzee ukidhani ni kama «bwana» au «bibi». Hiyo ni ya watu wa rika moja au walio chini.

Mzee usiyemjua barabarani ni shida ya kweli. «Halmeoni» na «harabeoji», yaani bibi na babu, hufaa kwa walioonekana wazi kuwa wazee, lakini mwenye miaka 62 anaweza kukunja uso. «Ajumma» kwa mama wa makamo wengi hulichukia. Ninachoshauri ni «eoreusin», neno la mzee wa heshima asiye ndugu yako, au «seonsaengnim» hata kama hajawahi kufundisha mtu. Pia unaweza kukwepa cheo kabisa ukaanza kwa «jeogiyo, sillyehamnida», samahani, nakusumbua, kisha ukaacha vitenzi vifanye kazi.

Kwa upande wako, «mimi» ni «jeo», si «na». «Changu» ni «je», si «nae». Huku ndiko kujishusha, na kuna vitenzi vichache vinavyojishusha pia pale kitendo kinapokwenda kutoka kwako kumfikia mzee. Kupa ni «juda», lakini wewe kumpa mzee ni «deurida». Kuuliza ni «mureoboda», wewe kumwuliza mzee ni «yeojjwoboda». Kukutana na mzee ni «boepda». Kumwambia mzee jambo ni «malsseumdeurida», na mzee akikuambia wewe ni «malsseumhasida». Kitenzi cha kupa ndicho kinacholeta vituko. Bibi amekupa kitu, unataka kumsifu, unasema «halmeonikkeseo jeohante deurisyeosseoyo». Umeshusha mkono wa bibi na kujiinua wewe, kwa kutumia neno la adabu kuliko yote uliyokuwa nayo. Alitoa yeye, kwa hiyo ni «jusyeosseoyo». Uliza kila mara kitu kinapanda au kinashuka. «Deurida» hupanda tu.

Hebu tuziweke zote katika ziara moja, kwa sababu kwenye ziara hakuna muda wa kufikiri. Umealikwa nyumbani kwa rafiki, na mama yake yupo. Unaingia, unavua viatu, unainama, unasema «annyeonghaseyo, cheoeum boepgesseumnida», ndiyo mara ya kwanza nakuona. Hapo tumia mwisho wa «-mnida», kwa kuwa kukutana mara ya kwanza, kushukuru kwa uzito na kuomba radhi ndizo nafasi zake. Jina lako unalitaja kwa «jeoneun», kisha jina, kisha «rago hamnida» kama jina linaishia na vokali, au «irago hamnida» kama linaishia na konsonanti. Zawadi unaitoa kwa mikono miwili: «eomeonim deuriryeogo gajyeowasseumnida», nimeileta nikupe mama. Angalia kwamba kuna «deuri-» inayopanda, na hakuna «-si-» popote, maana aliyeleta ni wewe.

Mama atakuambia ukae. Pengine ataongea nawe kwa «-yo» kwa sababu wewe ni mgeni, na mazungumzo yatakuwa yamekakamaa. Hapo kuna sentensi moja inayolegeza chumba kizima: «malsseum pyeonhage haseyo», ongea nami kwa raha yako. Unampa ruhusa ashuke. Akishuka, ataanza kukuambia «anja», «meogeo», «eodiseo wasseo?», vitenzi vikavu bila «-yo». Usemi huo unaitwa «banmal», yaani nusu ya maneno, na wageni wengi huumia wanapousikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu mzima. Hudhani wamedharauliwa. Wengine hufanya vibaya zaidi, hufurahi wakadhani urafiki umefunguka pande zote, nao wanaanza kushuka. Mswahili ana bahati hapa, kwa kuwa anaijua marahaba. Mzee akikuitikia marahaba hajakudharau, na wewe huwezi kumrudishia marahaba. «Banmal» ya mama wa rafiki ni marahaba yake. Wewe baki na «-yo» yako mpaka siku ya mwisho.

Chakula kikija, ngoja mama ashike kijiko kwanza, useme «jal meokgesseumnida», nitakula vizuri, na ukimaliza «jal meogeosseumnida», nimekula vizuri. Hapa aliyezidiwa na bidii husema «jal deusigesseumnida», kwa kuwa amefundishwa kwamba «deusida» ndiyo adabu. Lakini mlaji ni wewe, na wewe unakula kwa «meokda» hata ukiwa mezani na mfalme. Akikuagiza jambo, jibu «ne, algesseumnida». «Arasseo» ni jibu la rafiki kwa rafiki. Usipomsikia, sema «ne?» kwa sauti ya kupanda, usiseme «mwo?». Ukitaka kumwuliza jambo zito, omba njia: «hana yeojjwobwado doelkkayo?», naweza kukuuliza jambo moja?

Wakati wa kuondoka, yeye anabaki, kwa hiyo ni «annyeonghi gyeseyo», ubaki salama. «Annyeonghi gaseyo» huambiwa anayeondoka. Watu huzichanganya mlangoni kwa sababu ya haraka. Kumbuka «gye-» ni ile ile ya «gyesida», kuwapo. Unaweza kuongeza «tto boepgesseumnida», tutaonana tena. Na kama umemkuta mzee kazini, usimuage kwa «sugohaseyo» hata ukiisikia kila duka. Maana yake ni kama «endelea kutaabika», na mdogo hamtakii mkubwa taabu. Ukimwandikia ujumbe baadaye kushukuru, mwishoni andika jina lako kisha «ollim», neno linaloonyesha kwamba barua inapandishwa kwa mkubwa.

Utakosea, na shida ni kwamba mzee hatakuambia. Mgeni anayetamka maneno 20 husamehewa yote. Kadiri unavyosema vizuri ndivyo msamaha unavyopungua, kwa kuwa sasa anayekusikia anaanza kuamini kwamba ulichosema ndicho ulichokusudia. Wengi wetu tulistaajabu kuona mwaka wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Dalili za kosa huja pembeni. Kijana aliye karibu anacheka kwa kujificha, au rafiki anarudia sentensi yako polepole ikiwa na kitu kimoja kimebadilika. Dalili mbaya zaidi ni mzee aliyekwisha kushuka nawe kupanda tena ghafla akaanza kukupa «-yo» na «-mnida». Hiyo si heshima, ni mlango unafungwa.

Kama umejishika katikati ya sentensi, Kikorea kina huruma ndogo, kwa kuwa kitenzi huja mwisho na «-yo» huja mwisho wa mwisho. Ukisema «wasseo» ukashtuka, unaweza kuidondosha «...yo» baada ya pumzi moja, na Wakorea wenyewe hufanya hivyo kila siku. «-si-» haina bahati hiyo, kwani imeshapita ndani ya neno. Hapo sema «joesonghamnida» na urudie kitenzi chote upya. «Mianhae» usiitumie, hiyo ni samahani ya marafiki, na utakuwa umeweka kosa juu ya kosa.

Tulilipa gharama nyingine ambayo vitabu havitaji, nayo ni kunyamaza. Mtu akishajua mitego yote hii huanza kukaa kimya mbele ya wazee, akihesabu viambishi kichwani, na mzee humwona mwenye kiburi. Katika hali hiyo punguza mzigo. Mbele ya mzee yeyote, shika mambo mawili tu: kila sentensi iishe na «-yo», na kila kitenzi ambacho mzee ndiye mtenda kipewe «-si-». Viambishi kama «-kkeseo» viache kwa sasa. Wasemaji wengi huviacha katika maongezi ya nyumbani, na «halmeoni osyeosseoyo» ni sentensi salama kabisa. Pia usipachike «-si-» kwenye kila kitenzi cha sentensi ndefu. Vitenzi vya mzee vikifuatana, cha mwisho kikibeba, vya mwanzo vinaweza kupumzika. Kuzipachika zote husikika kama mtu anayesoma hotuba, au anayefanya mzaha.

Na tamthilia za televisheni ziangalie kwa jicho moja. Wapenzi, ndugu na maadui humo huongea «banmal» karibu muda wote, na sikio hubeba linachosikia mara nyingi. Ukitaka kuzitumia, tafuta zile zenye nyumba ya vizazi vitatu, ufuate mdomo wa mkwe mdogo. Huyo ndiye anayeongea kama utakavyolazimika kuongea wewe.